Choo kigumu ndani ya Ramadhani: kupanga futari, maji na daku

Wanaokuja duka la dawa kuulizia dawa ya choo mwezi wa Ramadhani hawaji siku za mwanzo. Huanza kuonekana mfungo ukishakolea, wamechoka na tumbo limejaa. Wengi hujiinamia kaunta na kunong'ona, kana kwamba choo kigumu ni aibu ya mtu mmoja. Na karibu wote huanza na sentensi ileile: "Nakula vizuri tu, sijui tatizo ni nini."

Mara nyingi ni kweli, wanakula vizuri. Kilichovurugika ni saa. Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye afya ya kawaida anayefunga hapa pwani, ambako magharibi huingia karibu na saa 12:30 jioni na alfajiri karibu na saa 11, jua likisogea kidogo tu mwaka mzima. Maana yake una saa kumi hivi za kula na kunywa, na humo ndani unataka pia kuswali tarawehe na kulala. Zinatosha, ukizipanga.

Kwanza, hakikisha kweli umefunga choo

Ukipunguza milo, choo nacho hupungua. Mtu aliyezoea kwenda haja kubwa kila asubuhi akienda siku moja na kuruka moja, na choo kikawa laini kinachotoka bila shida, huyo hana tatizo na hahitaji dawa. Tatizo lipo pale unapokwenda chini ya mara tatu kwa wiki, au choo kikitoka vipande vigumu vilivyokauka, au ukilazimika kujikamua, au ukimaliza ukabaki na hisia kwamba kuna kilichobaki ndani. Angalia choo chenyewe kabla ya kuhesabu siku. Choo cha siku ya pili kilichokauka kinakudai hatua zaidi kuliko choo laini cha siku ya tatu.

Hatua ya 1: Hamisha saa ya choo

Naanza na hili kwa sababu ndilo linalosahaulika, na halina gharama.

Chakula kinapoingia tumboni, tumbo hupeleka taarifa kwa utumbo mpana ujikaze na kusukuma vilivyomo. Msukumo huo huwa na nguvu zaidi asubuhi, mtu akishaamka na kupata kitu cha moto. Ndiyo sababu siku za kawaida wengi hushikwa na haja muda mfupi baada ya chai. Ramadhani inaondoa chai ya asubuhi, na msukumo unakosa wa kuuamsha. Choo kinabaki ndani, na kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji. Kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyokaushwa, hata kama jana yake ulikula matunda.

Kwa hiyo daku ndiyo chai yako ya asubuhi, na saa yake iwe ya asubuhi kweli. Mtu anayekula daku saa 6 usiku kisha akalala hadi adhana amekula chakula cha usiku wa manane, na utumbo wake utakitendea hivyohivyo. Amka kama saa moja kabla ya adhana ya alfajiri. Anza na glasi ya maji ya uvuguvugu kabla ya chochote, kisha kula kitu cha moto, hata uji. Kuchelewesha daku ni sunna, na kwa jambo hili sunna na utumbo vinakubaliana.

Ukimaliza kula usirudi kitandani. Osha vyombo, tembea uani, nenda msikitini kwa miguu kama ni karibu. Kisha nenda chooni ukakae kama dakika 10, iwe haja imekuja au haijaja, na simu uiache nje. Baada ya swala ya alfajiri ni wakati mzuri kuliko dakika za mwisho kabla ya adhana, kwa kuwa hapo huna haraka. Kujisaidia hakubatilishi saumu. Nalitaja kwa sababu wapo wanaojizuia mchana kutwa kwa wasiwasi wa maji ya kustanji, na kujizuia ndiko kunakowaharibia. Mwenye wasiwasi amuulize shehe wake mapema, asiukatae mwito wa haja.

Choo cha kuchuchumaa kinasaidia, kwani mkao ule hunyoosha njia. Kama choo chenu ni cha kukaa, weka kistuli kifupi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, kisha inama mbele kidogo. Usijikamue. Dakika 10 zikiisha bila kitu, ondoka, ujaribu tena baada ya futari, maana huo ndio msukumo wa pili wa siku. Utumbo hauzoei saa mpya kwa siku moja. Upe siku nne au tano za kukaa saa ileile.

Hatua ya 2: Maji yagawanywe

Lengo la mtu mzima wa kawaida ni karibu lita mbili kati ya magharibi na alfajiri, yaani glasi nane za mililita 250. Uji, supu na maziwa vinahesabika humo. Anayefanya kazi ya jua au ya jikoni ataongeza. Mgonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kiwango cha maji na daktari wake afuate kiwango hicho, na hesabu hii isimhusu.

Kosa linalofanyika ni kukaa bila kunywa usiku kucha, halafu kushindilia glasi nne mfululizo adhana ikikaribia. Maji mengi kwa mkupuo mmoja mwili huyatoa haraka kwa mkojo, nawe unabaki na tumbo linalocheza na safari mbili za msalani katikati ya swala. Gawanya hivi: glasi mbili wakati wa kufuturu, moja kabla ya tende na moja baada ya chakula, moja kabla ya isha, mbili ukitoka tarawehe, moja kabla ya kulala, mbili wakati wa daku. Jaza chupa ya lita moja na nusu magharibi uiweke pale unapokaa. Chupa haidanganyi, kichwa hudanganya.

Chai nayo ina maji, haina haja ya kuogopwa. Lakini chai ya rangi kali wakati wa daku huwapeleka wengine msalani mapema, na vikombe viwili vyake huchukua nafasi ya maji. Iache ya futari. Juisi ya ukwaju inayojaa mezani Ramadhani ni nzuri, na ukwaju wenyewe hulegeza tumbo kidogo, ila angalia sukari yake. Kikombe kimoja kinatosha.

Utajuaje kama maji yametosha? Tazama mkojo wa asubuhi, saa 3 au saa 4. Ukiwa wa njano hafifu, usiku uliopita ulikunywa vya kutosha. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi na harufu kali, usiku unaofuata ongeza glasi mbili. Mkojo wa jioni utakuwa mzito kwa mfungaji yeyote, usiutumie kujipima.

Hatua ya 3: Irudishe mboga ya mchana

Fikiria mboga za majani huliwa lini nyumbani kwenu siku za kawaida. Kwa wengi wetu ni mchana: ugali na mchicha, wali na maharage na kisamvu pembeni. Ramadhani inaondoa mlo wa mchana, na mboga inaondoka nao bila mtu kutambua. Futari inakuja na vyakula vyake: muhogo wa nazi, viazi vitamu, magimbi, ndizi za kupika, tambi, kaimati, sambusa. Ni vyakula vizuri, nami sitaki kusikia futari bila muhogo. Lakini sahani hiyo ni wanga na mafuta tupu, na inajaza tumbo haraka kiasi kwamba maji hayapati pa kuingia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Nyuzinyuzi ni ile sehemu ya mimea isiyosagika tumboni. Hufika utumbo mpana ikiwa imeshika maji, nayo hukipa choo ujazo na ulaini. Huna haja ya mizani. Kunde, mbaazi, choroko na maharage ndizo zinazobeba mzigo mkubwa: kikombe kimoja cha mbaazi zilizoiva kina kama gramu 10, karibu nusu ya unachohitaji. Chungwa zima lina kama gramu 3, lakini ukilikamua na kuchuja juisi nyuzinyuzi karibu zote zinabaki kwenye kichujio. Tende tatu za kawaida zina kama gramu 2. Tende ni nzuri kwa kufuturu, ila anayetegemea tende peke yake kulainisha choo atakula bakuli zima na sukari yake yote.

Basi kwenye futari ongeza vitu viwili tu: bakuli la mbaazi au kunde, na mboga. Bamia na mlenda zinafaa sana kwa ute wake. Pakua hivyo kwanza, muhogo ufuate. Wakati wa daku, ugali wa dona au uji wa ulezi ni bora kuliko mkate mweupe na chai, na tunda liliwe zima: chungwa pamoja na nyama yake, papai, embe.

Sasa tahadhari, kwa sababu hapa ndipo watu wenye nia njema huumia. Nyuzinyuzi bila maji huzidisha tatizo. Mtu akianza kula pumba za ngano kwa vijiko huku anakunywa glasi tatu kwa usiku, anajitengenezea tofali tumboni. Maji yatangulie siku mbili, ndipo chakula kibadilike. Na uongeze taratibu: nusu kikombe cha mbaazi siku tatu za mwanzo, kisha kikombe. Ukivuka ghafla utajaa gesi na utaisikia tarawehe nzima. Kuloweka kunde usiku kucha na kumwaga maji yale kabla ya kupika hupunguza gesi hiyo.

Mfano wa fundi cherehani

Kuna mteja wangu mmoja hapa Tanga, fundi wa nguo, miaka arobaini na kitu. Ramadhani kwa fundi ndio msimu: nguo za Idi zinarundikana, mashine haipumziki. Alikuja wiki ya pili ya mfungo akitaka "dawa kali". Alikuwa na siku nne bila choo, na cha mwisho kilitoka kigumu na kumchana kidogo.

Nilimwomba anieleze jana yake tangu magharibi. Alifuturu dukani kwake: vikombe viwili vya chai ya maziwa, kaimati, muhogo wa nazi. Aliswali akarudi kwenye mashine. Saa 6 usiku alikula wali na samaki wa kukaanga, akanywa soda, akalala. Aliamka kwa adhana, akaswali, akalala tena hadi saa 3 asubuhi. Mchana kutwa alikaa kwenye kiti. Maji matupu alikumbuka glasi moja. Halafu akanitolea mfukoni dawa aliyokuwa akiitafuna kila usiku kwa kiungulia. Ilikuwa ya aluminiamu, na aluminiamu hukausha choo.

Kwa hiyo mambo yalikuwa manne: maji machache, hakuna mboga, daku ya usiku wa manane, na dawa ya kiungulia. Hakuna hata moja ambalo dawa kali ingeliondoa.

Tulianza na dawa ya kiungulia, nikampa ya aina nyingine isiyo na aluminiamu, na tukakubaliana kaimati zipungue, maana ndizo zilizokuwa zikimwamshia kiungulia chenyewe. Chupa ya lita moja na nusu ikawekwa kando ya mashine, imalizike kabla ya saa 5 usiku, na glasi mbili zibaki za daku. Mkewe akaanza kumletea futari yenye mbaazi na mchicha pamoja na muhogo uleule. Kilichokuwa kigumu kwake ni daku. Fundi anayelala saa 6 haamki saa 10 kwa furaha. Tukapatana: alale saa 5, amke saa 10 ashone saa nzima ile ya utulivu baada ya kula, badala ya kushona usiku. Alikuwa akila ugali wa dona na maharage yaliyobaki, chungwa moja, maji, kisha anatembea kwenda msikitini na kurudi chooni kwake baada ya swala.

Ukijumlisha tende tatu, kikombe cha mbaazi, nusu kikombe cha mchicha, kipande cha papai, nusu kikombe cha maharage na lile chungwa, unapata kama gramu 26, bila kununua kitu kigeni.

Kwa kuwa alikuwa ameshakaa siku nne, nilimpa pia dawa ya maji ya kulainisha, laktulozi. Siku ya tatu alipata choo, bado kigumu mwanzoni na laini mwishoni. Wiki iliyofuata alikuwa anakwenda karibu kila alfajiri na laktulozi ameshaacha.

Hatua ya 4: Dawa, na saa ya kila moja

Kama hatua zilizotangulia hazijatosha kwa siku nne au tano, dawa ina nafasi yake. Kwa mfungaji, jambo la kujua ni dawa inafanya kazi baada ya muda gani.

Laktulozi ni ya kuanzia. Inavuta maji ndani ya utumbo na inahitaji siku moja hadi mbili, kwa hiyo usiiongeze usiku wa kwanza kwa kuona kimya. Kipimo cha kawaida cha kuanzia kwa mtu mzima ni mililita 15 mara mbili, nayo inakaa vizuri futari na daku. Mwenye kisukari amwambie mfamasia kwanza, kwani ina sukari ndani yake.

Isapgoli, yale maganda ya unga yanayovimba kwenye maji, ni nyuzinyuzi iliyokaushwa. Koroga kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima, kunywa palepale kabla haijawa ute mzito, fuatisha glasi nyingine. Wakati wake ni ukitoka tarawehe. Usiinywe ukiwa tayari kulala, na usiinywe kabisa kama unajua hutakunywa maji.

Bisakodili ni ya kusukuma. Hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12: ukimeza saa 4 usiku, tarajia haja kati ya saa 10 alfajiri na saa 4 asubuhi. Meza kidonge kizima, usikitafune wala kukimeza na maziwa. Ni ya siku moja moja, isiwe ya kila usiku.

Sanamaki inauzwa sokoni na wazee wetu waliitumia. Shida yake ni kipimo: majani ya fungu hili na la lile hayana nguvu sawa. Ikizidi, utaharisha mchana na kupoteza maji saa ambazo huwezi kuyarudisha. Ukiitumia, iwe usiku wa kuamkia siku ambayo utakuwa nyumbani, na wajawazito waiache. Kuhusu dawa za kuwekwa kwa nyuma, wanazuoni wamehitilafiana kama zinabatilisha saumu. Ukiziweka usiku, swali lenyewe halipo.

Kabla ya kununua yoyote kati ya hizi, taja dawa nyingine unazotumia. Vidonge vya madini ya chuma wanavyopewa wajawazito, dawa za maumivu zenye kodeini au tramado, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufunga choo. Usiache dawa ya daktari kwa sababu hiyo. Uliza kama inaweza kubadilishwa, au saa yake isogezwe.

Pasipohusu mwongozo huu

Nenda hospitali, usije dukani, ukiwa na maumivu makali ya tumbo yasiyopungua, tumbo limevimba na unatapika, au hata upepo hautoki. Vilevile choo cheusi kama lami, au damu nyingi. Damu kidogo nyekundu kwenye karatasi baada ya choo kigumu mara nyingi ni mchaniko au bawasiri, lakini ikirudiarudia ionwe. Mtu aliyevuka miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika ghafla, au anayepungua uzito bila sababu, asingoje Idi ipite ndipo apime.

Dalili hizo zikikushika mchana, fungua. Aya ya 184 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na hospitali huenda ukahitaji kumeza kitu mara tu ufikapo.